Faida au hasara unapouza mali ya kudumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka, msimu wa korosho unapokaribia, wateja wangu wa Mtwara na Lindi huanza kubadilisha magari. Mwenye kenta anataka Fuso, mwenye Fuso lililochoka anatafuta wa kumtupia kabla mizigo haijaanza kushuka kutoka Newala na Tandahimba. Gari likishauzwa, simu zinaanza: "Mhasibu, nimeuza, sasa niandike nini?" Nimekusanya hapa maswali yanayorudi zaidi. Karibu yote nayajibu kwa mfano mmoja wa kenta, na tarakimu nimezifanya rahisi ili mtu afuate bila kikokotoo.

Mfano wenyewe ni huu. Mfanyabiashara wa Mtwara mjini alinunua kenta, ikaanza kazi tarehe 1 Aprili 2021. Hadi inasimama uwanjani ikiwa tayari kubeba mzigo ilikuwa imemgharimu shilingi 45,000,000. Alikadiria kuitumia miaka 6, na kwamba mwisho wake ataiuza kwa 9,000,000. Msimu ilibeba korosho, nje ya msimu ilibeba saruji. Tarehe 30 Septemba 2024 akaiuza kwa 26,500,000, akampa dalali 500,000. Mwaka wake wa hesabu unaishia 31 Desemba.

Nimeuza kwa 26,500,000. Si ndiyo faida yangu hiyo?

Hapana. Hiyo ni pesa uliyopokea. Ulipoiachia kenta, umetoa kitu chenye thamani kwenye vitabu vyako, na faida au hasara ni tofauti kati ya ulichopata na thamani ya ulichotoa.

Wengine wanakwenda upande wa pili: "Nilinunua 45, nimeuza 26 na nusu, nimekula hasara ya milioni 18 na nusu." Hii nayo si sahihi, kwa sababu kenta imefanya kazi miaka mitatu na nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo imeshakatwa kwenye hesabu za miaka iliyopita kama uchakavu. Ukiikata tena leo unaitoza biashara mara mbili kwa kitu kilekile.

Kinacholinganishwa na bei ya kuuza ni thamani ya vitabuni siku ya kuuza, yaani gharama ya mali ukiondoa uchakavu wote uliolimbikizwa mpaka siku hiyo. Pesa uliyopata ikizidi thamani hiyo, una faida. Ikipungua, una hasara. Kanuni ni fupi kiasi hicho. Matatizo yote ninayoyaona yako kwenye kuipata hiyo thamani ya vitabuni.

Hiyo 45,000,000 imetoka wapi? Kenta yenyewe niliinunua 41,000,000.

Gharama ya mali ni kila ulichotoa kuifikisha mahali pake na katika hali ya kufanya kazi uliyoikusudia. Kwenye mfano wetu gari lilinunuliwa Dar es Salaam kwa 41,000,000, usajili na kulileta Mtwara vikala 1,000,000, kisha mafundi wakaunga bodi ya kubebea magunia kwa 3,000,000. Jumla 45,000,000. Bila bodi gari lile lisingebeba gunia hata moja, kwa hiyo bodi ni sehemu ya gharama.

Mafuta ya safari ya kwanza ya biashara, bima ya mwaka na posho za dereva hazimo. Hayo ni matumizi ya kuendesha gari. Mshahara wa dereva wa mwezi wa kwanza nimeshaukuta ndani ya gharama ya gari zaidi ya mara moja, na ukishaingia humo unakaa miaka, unakatiwa uchakavu kidogo kidogo, halafu siku ya kuuza unajitokeza kama hasara ambayo hakuna anayeweza kuieleza.

Uchakavu wa mwezi unapatikanaje?

Chukua gharama, toa kiasi unachotegemea kukiuzia mwisho. Hicho cha mwisho tunakiita thamani ya masalio. Kinachobaki ndicho kinachogawanywa kwa miaka ya matumizi.

45,000,000 kutoa 9,000,000 ni 36,000,000. Gawanya kwa miaka 6 unapata 6,000,000 kwa mwaka, au 500,000 kwa mwezi. Hii ni njia ya mstari ulionyooka, ambayo wengi wa wateja wangu wanaitumia. Anayetumia asilimia ya salio linalopungua atapata limbikizo jingine, lakini kuanzia hapo hatua ni zilezile.

Nakata uchakavu mpaka siku gani? Hesabu zangu zilizokaguliwa zinaishia Desemba 2023.

Mpaka siku kenta inapotoka mikononi mwako. Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibikia, nami nitakaa hapa kidogo.

Karani anapotafuta thamani ya vitabuni anafungua hesabu za mwisho zilizofungwa. Anakuta mpaka 31 Desemba 2023 kenta ilikuwa imekatwa miezi 33, yaani 16,500,000, na thamani ya vitabuni ni 28,500,000. Anaichukua hiyo. Bei baada ya dalali ni 26,000,000. Anaandika hasara ya 2,500,000, anafunga daftari.

Lakini kenta haikulala Januari mpaka Septemba 2024. Miezi hiyo tisa ina uchakavu wake wa 4,500,000. Ukiuingiza, miezi inakuwa 42, limbikizo linakuwa 21,000,000, na thamani ya vitabuni siku ya kuuza ni 24,000,000. Toa hiyo kwenye 26,000,000: faida ya 2,000,000.

Gari lilelile na mnunuzi yuleyule, mmoja anaandika hasara ya milioni mbili na nusu na mwingine faida ya milioni mbili. Pengo kati yao ni 4,500,000, sawasawa na uchakavu wa miezi tisa uliosahaulika.

Lakini mwisho wa mwaka si inakuja kitu kilekile?

Swali zuri, na aliyeniuliza mara ya kwanza alikuwa mteja, si mhasibu. Ndiyo, faida ya jumla ya mwaka 2024 haibadiliki. Njia sahihi inakata uchakavu 4,500,000 na kuongeza faida 2,000,000, kwa hiyo mwaka umepungua 2,500,000. Njia ya mkato inakata hasara 2,500,000. Mstari wa mwisho ni uleule.

Kinachoharibika ni yaliyo juu ya mstari huo. Kwa njia ya mkato, miezi tisa ya usafirishaji inaonekana haikugharimu uchakavu wowote. Ukijiuliza kila tripu ya Mtwara hadi Tandahimba inakurudishia kiasi gani, utapata jibu tamu kuliko ukweli, na kwa jibu hilo utakubali bei ya kubeba gunia ambayo haikulipi. Wakati huohuo utaamini uliuza gari kwa bei mbaya, wakati uliuza vizuri kuliko ulivyokadiria.

Na kama mauzo yamevuka mwaka, hata jumla inapotoka. Tuseme kenta iliuzwa 30 Septemba 2024 lakini karani akaingiza mauzo Januari 2025, baada ya pesa yote kukamilika. Mwaka 2024 utakatwa uchakavu wa miezi mitatu ya gari ambalo halipo tena, 1,500,000, na faida itahamia mwaka usiokuwa wake.

Gari liliegeshwa tangu Mei likisubiri mteja. Uchakavu unaendelea?

Unaendelea. Mali haiachi kuchakaa kwa kuwa imeegeshwa, na sisi tunaokaa karibu na bahari tunajua hewa ya chumvi inavyokula chesisi ya gari lililosimama. Ila kama uchakavu wako unahesabiwa kwa kilomita au kwa saa za kazi, gari lililosimama linaweza kukatwa sifuri.

Kuna tofauti moja ya kitaalamu. Wanaofuata viwango kamili vya kimataifa vya taarifa za fedha husimamisha uchakavu pale mali inapotimiza masharti ya kuwekwa kwenye kundi la mali zinazosubiri kuuzwa. Wanaofuata kiwango cha biashara ndogo na za kati hawana kundi hilo: wanaendelea kukata mpaka siku ya kuuza, na uamuzi wa kuuza kwao ni ishara tu kwamba wapime kama thamani ya mali imeshuka. Wasafirishaji wengi wa kwetu wako kwenye hili la pili.

Nipunguze nini kwenye bei ya kuuza?

Gharama zilizotokea kwa sababu ya kuuza, ambazo zisingekuwepo kama usingeuza. Dalali ni mfano wazi. Mwanasheria wa kuandika mkataba wa mauziano, kama wewe ndiye uliyemlipa, naye yumo. Kwa mfano wetu ni dalali peke yake, ndiyo maana tunafanya kazi na 26,000,000.

Matairi mawili uliyoweka Julai ili gari liendelee kupiga kazi ni matengenezo ya kawaida, yanakaa kwenye matumizi ya Julai. Faini za barabarani ulizozilipa ili mnunuzi asizikute ni za kwako, za makosa ya zamani. Hazina uhusiano na mauzo hata kama mnunuzi ndiye aliyekulazimisha uzimalize.

Na mkopo? Hili linachanganya wengi. Tuseme benki ilikuwa inadai 8,000,000 juu ya kenta, na mnunuzi akalipa 8,000,000 moja kwa moja benki, kisha 18,500,000 mkononi mwako. Bei ya kuuza bado ni 26,500,000. Umelipa deni kwa sehemu ya bei hiyo, basi. Ukiandika bei kuwa 18,500,000 utatengeneza hasara ya uongo, na deni litabaki kwenye mizania wakati benki imeshakupa barua ya kuachia kadi ya gari.

Kama umesajiliwa VAT, kodi uliyomtoza mnunuzi nayo si sehemu ya bei. Ni pesa ya TRA iliyopita mikononi mwako.

Naingizaje kwenye leja?

Fungua akaunti moja ya muda, iite "Uuzaji wa mali". Kila kinachohusu kenta kinapita humo, na salio lake mwishoni ndiyo faida au hasara.

Kwanza kamilisha uchakavu wa mwaka: debiti matumizi ya uchakavu 4,500,000, krediti limbikizo la uchakavu 4,500,000. Usiruke hatua hii. Nimeeleza kwa nini.

Kisha hamisha:

| Tukio | Debiti | Krediti | Kiasi |
|---|---|---|---|
| Kuondoa gharama ya kenta | Uuzaji wa mali | Magari | 45,000,000 |
| Kuondoa uchakavu wake | Limbikizo la uchakavu | Uuzaji wa mali | 21,000,000 |
| Pesa ya mnunuzi | Benki | Uuzaji wa mali | 26,500,000 |
| Dalali | Uuzaji wa mali | Fedha taslimu | 500,000 |

Upande wa debiti wa akaunti hiyo una 45,500,000, wa krediti una 47,500,000. Krediti imezidi kwa 2,000,000: ni faida, na inahamishiwa kwenye taarifa ya mapato na matumizi. Debiti ingezidi, ingekuwa hasara.

Kosa la karani mgeni ni kuandika benki debiti, mauzo krediti, akaishia hapo. Pesa imeonekana, kila mtu ameridhika, lakini kenta bado iko kwenye mizania na mwaka ujao itakatwa uchakavu tena. Nimeshakuta daftari lenye magari matano wakati uwanjani kuna mawili.

Hiyo 2,000,000 niiweke kwenye mauzo?

Usiiweke. Kazi yako ni kusafirisha mizigo, si kuuza magari. Viwango vya uhasibu vinakataza wazi faida ya kuuza mali ya kudumu kuchanganywa na mapato ya biashara. Inakaa mstari wake, kwenye mapato mengine. Anayesoma hesabu zako anataka kujua usafirishaji unaingiza nini mwaka hadi mwaka, na kenta unaiuza mara moja tu.

Kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha kuna mtego mwingine. Pesa yote uliyopata kwenye mauzo, 26,000,000, inaingia sehemu ya uwekezaji. Kwa hiyo ukianza na faida ya mwaka kutafuta pesa ya shughuli za kila siku, ile 2,000,000 lazima uitoe, la sivyo utakuwa umeihesabu mara mbili.

Je, faida hii ni faida kweli? Mfukoni sijaona ongezeko lolote.

Hujaliona kwa sababu halipo kwa maana hiyo. Tazama maisha yote ya kenta: ulitoa 45,000,000, ukarudishiwa 26,000,000. Miaka mitatu na nusu ya kuimiliki imekugharimu 19,000,000. Vitabu vyako vilikuwa vimekata 21,000,000 kama uchakavu, yaani 2,000,000 zaidi ya ilivyotokea. Ile "faida" ya 2,000,000 ni marekebisho ya makadirio yako mwenyewe. Ulijikata kupita kiasi, sasa unajirudishia.

Hasara nayo iko hivyohivyo. Kenta ingeuzwa ikabaki 20,000,000 baada ya dalali, gharama halisi ya kuimiliki ingekuwa 25,000,000. Ulikata 21,000,000. Ile hasara ya 4,000,000 ni uchakavu ambao miaka ya nyuma haikubeba sehemu yake.

Mimi huitumia hesabu hii kuhakiki kazi. Chukua gharama ya awali, toa pesa uliyopata kwenye mauzo. Jibu lazima lilingane na uchakavu wote uliowahi kukatwa, ukitoa faida au ukijumlisha hasara. Kwa kenta: 45 kutoa 26 ni 19, 21 kutoa 2 ni 19. Isipolingana, kuna gharama au limbikizo limeachwa mahali. Ila mwezi wa uchakavu uliorukwa hauonekani hapa, maana faida nayo hupungua kwa kiasi kilekile.

Pia inakuambia jambo kuhusu makadirio yako. Mteja akiuza gari la kwanza kwa hasara, nanyamaza. Akiuza la pili na la tatu kwa hasara, namwambia miaka yake sita ni mingi mno kwa barabara anazopita, au ile thamani ya masalio ni ndoto. Tunapunguza miaka ya magari yaliyobaki kuanzia mwaka huo kwenda mbele. Hesabu za nyuma hatuzifungui, maana makadirio yalikuwa ya dhati kwa taarifa zilizokuwepo wakati ule.

Mnunuzi atanilipa baada ya mnada. Faida niiandike lini?

Huku kwetu hili ni la kila siku. Mnunuzi ni mkulima au mfanyabiashara wa korosho, anatanguliza 10,000,000 Septemba, nyingine 16,500,000 anasema "mnada ukilipa". Anaondoka na gari.

Kama mmeandikiana, umemkabidhi gari na funguo, na yeye ndiye anayelitumia na kubeba hatari yake, umeuza. Faida yote ya 2,000,000 inaandikwa Septemba. Benki debiti 10,000,000, wadaiwa debiti 16,500,000. Akilipa Desemba unapunguza mdaiwa, hakuna faida mpya. Asipolipa kabisa, hilo ni deni bovu, linaandikwa kama deni bovu. Usirudi nyuma kubadilisha bei ya kenta.

Ila mkikubaliana gari libaki uwanjani kwako mpaka amalize, nawe unaendelea kulitumia, bado hujauza. Zile 10,000,000 ni amana ya mteja, ni deni kwako, na uchakavu unaendelea.

Malipo yakicheleweshwa mbali, tuseme mwaka na zaidi, na ukapandisha bei kwa sababu ya huko kungoja, nyongeza hiyo ni riba. Bei ya kupigia hesabu ya faida ni ile ambayo ungekubali kwa pesa taslimu siku hiyo.

Sikuuza, nimebadilishana na kuongeza pesa.

Unatoa kenta na 30,000,000, unapewa Fuso. Hapo bei ya kuuza kenta ni thamani ambayo ingepata sokoni siku hiyo. Kama muuzaji amekukatia 26,000,000 kwenye bei halali ya Fuso, tumia hiyo, na Fuso linaingia vitabuni kwa 56,000,000. Jihadhari na muuzaji anayepandisha bei ya Fuso ili akuoneshe amekuthamini sana. Uliza Fuso hilohilo linauzwaje kwa mtu asiye na gari la kubadilisha.

Pampu za kupulizia salfa zimeshafika sifuri vitabuni, nimeziuza chuma chakavu 180,000.

Faida ni 180,000 yote, kwa kuwa thamani ya vitabuni ni sifuri. Ondoa gharama na limbikizo lake, vinafutana vyenyewe. Na kama umezitupa bila kupata kitu, bado ziondoe kwenye daftari. Hakuna faida wala hasara. Jenereta lililokufa likiwa na 700,000 vitabuni, ukilitupa, hasara ni hiyo 700,000.

Gari limeungua. Bima nayo je?

Matukio mawili, usiyaunganishe. Thamani ya vitabuni inafutwa siku gari lilipoharibika. Fidia ya bima inaandikwa pale haki ya kuipokea inapothibitika, hata kama ni mwaka unaofuata. Kusubiri hundi ya bima huku gari lililoungua likiendelea kukaa kwenye mizania ni kujidanganya.

TRA watanitoza kodi ya hiyo 2,000,000?

Si kwa hesabu hii. Kwa kodi ya mapato, faida ya vitabuni inaondolewa, uchakavu wako nao unaondolewa, halafu vinatumika viwango vya sheria. Kama unalipa kodi ya makadirio, jibu hili halikuhusu.

Chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, magari ya mizigo yanayobeba chini ya tani 7 yako kundi la kwanza, linalokatwa asilimia 37.5 ya salio kila mwaka. Mali zote za kundi hilo zinawekwa kapu moja, na ukiuza mojawapo, ulichopata kinapunguza salio la kapu.

Tuseme kenta ilikuwa peke yake kapuni. Salio baada ya 2021 ni 28,125,000, baada ya 2022 ni 17,578,125, baada ya 2023 ni kama 10,986,000. Unapouza 2024 kwa 26,500,000, umezidi salio la kapu kwa takriban milioni 15 na nusu, na kiasi hicho kinaongezwa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Vitabu vinasema faida milioni 2, kodi inaona milioni 15 na nusu. Hakuna aliyekudhulumu: kodi ilikupa makato makubwa miaka ya mwanzo, sasa inayadai.

Kununua gari jingine la kundi hilohilo ndani ya mwaka huo kunaongeza kapu na kupunguza pigo. Fuso la kubeba zaidi ya tani 7 linakwenda kundi la pili, halisaidii kapu la kwanza. Jambo hili lijue kabla ya kusaini, si Machi unapokaa na mshauri wako wa kodi.

Sisi ni chama cha msingi. Wakaguzi wataomba nini?

Wakaguzi wa COASCO, kama wengine, wataanza na daftari la mali: namba ya gari, tarehe ya kununua, gharama, miaka, limbikizo. Kisha muhtasari wa kikao kilichoidhinisha kuuza, jinsi bei ilivyopatikana, mkataba wa mauziano na pesa kuonekana benki. Mjumbe akinunua gari la chama kwa bei ya chini, hata hesabu ya hasara ikiwa sahihi kwa shilingi, swali litakuwa bei.

Angalieni pia mistari iliyoachwa. Ile bodi ya 3,000,000, kama ilipewa mstari wake kwenye daftari, mara nyingi hubaki gari likishaondoka. Tafuta kwa namba ya gari, usitafute kwa neno "kenta".

Daftari langu liko kwenye Excel. Miezi nahesabuje?

Weka tarehe ya kuanza kazi seli F2 na tarehe ya kuuza G2. Wengi wanaandika hivi:

```
=DATEDIF(F2,G2,"m")
```

Kwa 1/4/2021 na 30/9/2024 inakupa 41, kwa sababu mwezi wa 42 unatimia tarehe 1 Oktoba. Umepoteza 500,000, thamani ya vitabuni inasoma 24,500,000 na faida inashuka hadi 1,500,000. Ongeza siku moja:

```
=DATEDIF(F2,G2+1,"m")
```

Sasa ni 42. Ukiwa na gharama B2, masalio C2, miaka D2 na miezi hiyo E2, thamani ya vitabuni ni:

```
=B2-MIN((B2-C2)/(D2*12)*E2,B2-C2)
```

Hiyo `MIN` inazuia gari lililopita miaka yake lisiendelee kukatwa chini ya masalio. Kwa kenta inatoa 24,000,000. Gari likiuzwa katikati ya mwezi, amua kanuni moja, mfano kwamba mwezi wa kununua unahesabiwa mzima na wa kuuza hauhesabiwi, uiandike juu ya daftari, na magari yote yaifuate hiyohiyo.